Mwenyekiti anataka nimdanganye fundi ili ashushe bei ya madawati

*Shikamoo Bi Mshauri,*

*Mimi ni katibu wa umoja wetu wa waliosoma shule moja ya msingi hapa Morogoro. Tumechanga kwa mwaka mzima tukapata shilingi 19,200,000 za kununua madawati 240 ya watoto wawili wawili, tuyakabidhi shule ikifunguliwa Januari. Yaani tunatafuta dawati la shilingi 80,000.*

*Fundi tuliyemwendea ametaja 92,000. Nilipomwomba anieleze, alinihesabia kwa mdomo: mabomba ya mraba 36,000 (bomba moja na nusu kwa dawati, kila bomba 24,000), mbao 24,000, ufundi 14,000, rangi na bolti na vijiti vya kuchomelea na umeme 6,000, usafiri na faida yake 12,000.*

*Kamati imenituma niandike barua ya kuomba punguzo. Mwenyekiti ameshanipa maneno: niseme tumepata fundi mwingine Dar es Salaam kwa 70,000 na tunampa huyu siku tatu tu. Fundi huyo wa Dar hayupo. Mwenyekiti anasema biashara ndivyo ilivyo, asiyekaza hapewi.*

*Shida yangu ni kwamba fundi huyu ndiye aliyetengeneza jeneza la baba yangu usiku mmoja, mwaka juzi, na akakataa hela ya ufundi. Namwamkia kila asubuhi nikipita. Nikiandika uongo, nitapitaje pale? Lakini nikiandika kwa upole, najua watakaosema kwenye grupu kwamba katibu kawekewa chake. Wawili wameshaanza kuuliza kwa nini tumemwendea yeye.*

*Mwanachama wetu mmoja ana Fuso na amejitolea kubeba. Zaidi ya hapo hatuna cha kumpa fundi ila hizo hela. Nimekaa na karatasi tupu siku nne. Naomba unisaidie, niandike nini?*

*Katibu Aliyebanwa*

---

Marahaba mwanangu.

Kabla ya mambo ya jeneza na grupu, chukua kalamu uangalie hesabu uliyonitumia. Mnataka 92,000 iwe 80,000. Pengo ni 12,000. Sasa tazama mstari wa mwisho wa fundi: usafiri na faida, 12,000. Mkimwambia tu "punguza", bila kumwonyesha pa kupunguzia, mnamwomba atengeneze madawati 240 bila faida kisha ayabebe kwa gharama yake hadi shuleni. Hawezi, na hakuna fundi awezaye. Atakachofanya ama ni kukataa, ama ni kukubali na kuitafuta ile 12,000 mahali ambapo ninyi hamtaona.

Mimi nilishika daftari la karakana ya marehemu mume wangu kwa miaka kumi na moja, kwa hiyo najua mahali penyewe. Ni kwenye bomba. Mafundi hupima unene wa bomba kwa geji, na geji huenda kinyume na akili ya kawaida: namba ikipanda, chuma kinakuwa chembamba. Geji 16 ni milimita moja na nusu hivi, geji 18 ni milimita 1.2. Ukiyapaka rangi hayatofautiani kwa macho. Lakini la 18 lina chuma pungufu kwa moja ya tano, na bei yake hushuka karibu kwa kiasi hicho. Kwenye 36,000 yako ya mabomba, hiyo ni kama 7,000 kwa kila dawati, imepatikana bila mtu kusema neno. Inayobaki atavuna kwenye mbao mbichi, na kwa kugusisha moto nukta mbili mahali palipotakiwa kuchomelewa pande zote. Dawati litapendeza siku ya makabidhiano. Litaanza kucheza miguu watoto wakishalikalia mihula miwili.

Ndiyo maana ule uongo wa 70,000 unanitia wasiwasi zaidi kwa upande wenu kuliko upande wa fundi. Umeuona kama dhambi dhidi ya mtu aliyekufaa, na mimi sikukatazi kuuona hivyo. Lakini jiulize, akiuamini itakuwaje? Atajua kuna mtu anayetengeneza dawati hilohilo kwa 70,000, na yeye anajua kwa hesabu yake kwamba kwa geji 16 na mbao kavu haiwezekani. Kwa hiyo atahitimisha kwamba mmekubali geji 18 na mbao mbichi. Mtakuwa mmempa ruhusa kwa maandishi yenu wenyewe. Na asipouamini ndiyo vibaya zaidi, maana mafundi wa kuchomelea wanajuana, wananunua mabomba maduka yaleyale. Simu mbili tu na katibu ameaibika.

Hata hivyo mwenyekiti wako usimfanye adui. Ana jambo moja la kweli: bei ya kwanza ya fundi huwa na nafasi ndani yake, hasa kwa kazi kubwa. Amekosea tu pa kuitafuta. Fundi wako amekuhesabia dawati moja, kisha akazidisha kwa 240. Wengi hufanya hivyo. Dawati la 240 halina gharama ya dawati la kwanza, na hiyo tofauti ndiyo haki yenu kuiomba, bila uongo na bila kumpora.

Tuanze na bomba. Mwombe mchoro wake, au pima dawati lake moja kwa futi. Madawati ya watoto wawili niliyoyajua yanakula mita nane na ushei za bomba: fremu mbili za pembeni, kila moja karibu mita tatu kasoro kidogo, na vyuma viwili vya kuziunganisha, vya mita moja na sentimita kumi. Tuseme ni mita 8.1. Bomba huuzwa likiwa na mita sita. Kwa dawati moja, fundi hununua mawili na kubakiwa na vipande, ndiyo maana kwa makisio anaandika moja na nusu. Lakini madawati 240 yanahitaji mita 1,944, sawa na mabomba 324 kama hakuna kinachopotea. Weka na vipande vya kutupa, sema mabomba 336. Yeye kwa moja na nusu amehesabu 360. Hayo 24 ya ziada ni shilingi 576,000, au 2,400 kwa dawati. Hayapatikani kwa kubembeleza, yanapatikana kwa fundi kukaa na karatasi kabla ya msumeno na kupanga kipande kirefu kipi kikatwe pamoja na kifupi kipi ili bomba liishe. Kazi ya nusu siku hiyo.

Halafu bei yenyewe ya bomba. Ile 24,000 nadhani ni ya anayenunua machache machache. Mtu anayeingia dukani na fedha taslimu za mabomba 336 anaongea lugha nyingine na mwenye duka. Sijui atawapunguzia kiasi gani, kaulizeni maduka matatu. Ikiwa ni 1,500 tu kwa bomba, ni 504,000 nyingine, yaani 2,100 kwa dawati.

Hapa ndipo ninapotaka kupinga neno lako moja. Umesema hamna cha kumpa fundi ila hizo hela. Lakini hela zenu ziko benki tayari, zote! Unajua fundi wa mtaani anavyofanya kazi? Anapewa nusu ya malipo, nyingine anakopa kwa riba au anachukua vifaa kwa mkopo dukani kwa bei ya juu, kisha anamfukuza mteja miezi mitatu. Riba hiyo na usumbufu huo ameshauweka ndani ya bei yako, hata kama hakuutaja. Mkilipia vifaa mapema, mmemwondolea mzigo ambao kwenu hauna gharama yoyote.

Najua utaniuliza, na akila hela? Swali zuri, wapo waliolizwa hivyo. Malipo ya awali huingia kwenye ada ya mtoto, au kulipia deni la kazi iliyotangulia, na kazi yenu inasubiri mteja mwingine atoe malipo yake ya awali. Si lazima awe mwizi, ndivyo karakana nyingi zinavyopumua. Kinga yake ni kulipa duka, si kulipa mkononi. Fundi achague mabomba, ninyi mlipe duka mkapewe risiti ya EFD kwa jina la umoja, mzigo upelekwe karakana na wajumbe wawili wauhesabu. Faida ya pili ni kwamba siku hiyo ndiyo pekee mtakayoweza kujua geji bila ubishi. Bomba la inchi moja na nusu, geji 16, lenye mita sita, lina uzito wa kilo kumi hivi. La geji 18 ni kilo nane na kidogo. Mizani ya kupimia mahindi inatosha. Pimeni matatu yaliyochomolewa katikati ya mzigo, si ya juu.

Mbao nazo zina hadithi yake. Kwa bei ya 24,000 nadhani ni paina, inayotoka huko Mafinga kwenye shamba la miti la Sao Hill. Kwa dawati la shule inafaa kabisa ikiwa kavu. Ikiwa mbichi, fundi anaifunga kwenye chuma, chuma hakisogei, ubao unaendelea kukauka na kujivuta. Ubao wa inchi nane unaweza kupungua nusu sentimita hadi sentimita nzima kwa upana. Mtaona nyufa zinazomeza kalamu, bolti zinalegea, na pale bolti ilipokaza sana ubao unapasuka kufuata nyuzi zake.

Kuipima si kazi ya kiwanda. Kata kipande cha urefu wa kiganja kutoka katikati ya ubao, maana ncha hukauka mapema na zitakudanganya. Kipime kwenye mizani ya jikoni. Kiweke kwenye oveni, joto la nyuzi mia na kidogo, ukitoe na kukipima mara kwa mara mpaka uzito ukome kushuka. Kilikuwa gramu 560 na kimeishia 480? Maji yalikuwa 80, gawanya kwa 480, unapata karibu asilimia 17. Kwa hapa Morogoro unaweza kuishi na hiyo, ingawa ningependa 15 au chini. Ukipata 40, ubao huo urudi kupangwa kivulini, vijiti katikati ya kila safu ili hewa ipite, na usubiriwe wiki kadhaa.

Kwa hiyo kwenye mbao punguzo halitoki kwenye ubora, linatoka kwenye muda. Fundi akijua Oktoba kwamba zitahitajika Desemba, atanunua mbichi kwa bei nafuu na kuzikausha mwenyewe. Akiambiwa zikiwa zimebaki wiki tatu tu, atanunua zilizokauka kwa bei ya dukani, au atawafungia mbichi. Muulizeni muda huo una thamani gani kwake. Mimi nitakisia 3,000 kwa dawati, lakini jibu lake ndilo la kweli. Na ikitokea mjumbe akasema "tupeleke Fuso yetu Mafinga tukanunue wenyewe", mwambieni asikurupuke. Mzigo wa mbao barabarani unatakiwa uwe na kibali cha kusafirisha mazao ya misitu kutoka TFS, na mtu asiyezijua mbao atauziwa zenye vifundo na zilizopinda. Hasara ya safari moja itakula punguzo lote.

Fuso yenyewe itawafaa zaidi kwa kubeba madawati yaliyokamilika. Kama ndani ya ile 12,000 usafiri ni 3,000, basi ndiyo hiyo tena. Lakini kabla hujaandika kwenye barua, muulize mwenye gari: kujitolea kwako ni gari na dereva, au na mafuta pia? Nimeona urafiki ukivunjika kwa lita arobaini za dizeli.

Jumlisha sasa: 2,400, na 2,100, na 3,000, na 3,000. Ni 10,500. Dawati limefika 81,500 na hatujagusa geji, hatujagusa faida ya mtu, hatujagusa ile 14,000 ya ufundi. Hiyo ya ufundi nakuomba msiiguse hata akionekana ana nafasi. Fundi akitengeneza kalibu ya kupangia fremu, dawati la hamsini litachomelewa kwa nusu ya muda wa lile la kwanza, na faida hiyo muachieni. Ndiyo itakayomfanya aipende kazi yenu badala ya kuikimbia akimaliza.

Zimebaki 1,500, jumla 360,000. Hapo mna njia zaidi ya moja na sitakuchagulia. Mnaweza kutengeneza 235 badala ya 240. Mnaweza kuchanga tena, ingawa najua grupu la michango likishachoka huwa limechoka. Kuna watakaosema tufanye madawati ya watoto watatu, yatakuwa machache na nafuu. Ni kweli kwa hesabu ya kila mtoto, lakini benchi refu hupinda katikati, na yule wa katikati akitaka kwenda ubaoni lazima mwenzake ainuke. Muulizeni mwalimu mkuu, yeye ndiye atakayeishi nayo.

Na mkienda kwake, muulizeni jambo ambalo sikuliona kwenye barua yako: hayo 240 ni ya madarasa gani? Mtoto wa darasa la kwanza akikalia dawati la darasa la saba miguu yake inaning'inia na meza inamfika kifuani. Kama 80 kati ya hayo ni ya wadogo, yafupisheni. Kila moja litapunguza karibu sentimita tisini za bomba, na kwa madawati 80 hiyo ni mita 72, mabomba kumi na mawili, shilingi 270,000 kwa bei ya jumla tuliyoikisia. Fundi atakwambia kalibu ya pili ina gharama yake, na atakuwa amesema kweli, lakini pengo lenu litakuwa limebaki kama laki moja tu.

Sasa karatasi yako tupu. Mimi ningeandika hivi, wewe badilisha utakavyo:

> YAH: MAZUNGUMZO YA BEI YA MADAWATI 240
>
> Husika na kichwa cha barua hapo juu.
>
> Tunakushukuru kwa makisio yako ya shilingi 92,000 kwa dawati na kwa kutueleza mchanganuo wake. Fedha tulizonazo ni shilingi 19,200,000, sawa na shilingi 80,000 kwa dawati. Hatuna fundi mwingine mwenye bei hiyo. Tungependa tuone pamoja nawe kama kazi hii inaweza kukaribia bei hiyo bila kubadilisha vipimo.
>
> Vipimo tunavyotaka vibaki ni: bomba la mraba la inchi moja na nusu, geji 16, mbao za paina zilizokauka na kurandwa, kila kiungo kichomelewe pande zote, rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu.
>
> Kwa upande wetu tunaweza kufanya yafuatayo. Tutalipia mabomba yote dukani kwa mara moja, katika duka utakalochagua wewe baada ya kulinganisha bei. Tutakupa wiki kumi tangu siku ya makubaliano. Tutayabeba madawati kwa gari letu kutoka karakana. Tutakulipa ufundi kila tutakapopokea madawati 60, ndani ya siku tatu.
>
> Tunaomba utujibu mambo matatu: kwa kukata mabomba ya madawati yote 240 kwa mpango mmoja, yatahitajika mangapi, muda huo na malipo hayo yatakupunguzia gharama kiasi gani kwenye mbao na vifaa, na bei yako itakuwa ngapi ikiwa madawati 80 yatakuwa ya kimo cha darasa la kwanza na la pili.
>
> Kama bei ya 80,000 haifikiki kwa vipimo hivi, tafadhali tuambie bei ya chini unayoweza kuifanya kazi hii vizuri, nasi tutaangalia upya idadi.
>
> Tukikubaliana, tunaomba utengeneze kwanza dawati moja la mfano. Litapimwa uzito, litawekwa alama na pande zote mbili na kuhifadhiwa shuleni. Mengine yatapokelewa kwa kulinganishwa nalo.

Sentensi ya "hatuna fundi mwingine mwenye bei hiyo" mwenyekiti ataitaka ifutwe. Ina hatari yake, sikufichi: fundi akijua mko peke yenu anaweza kukaza. Unaweza kuiondoa bila kusema uongo, ukanyamaza tu. Au mnaweza kuifanya isiwe kweli, kwa kumpelekea fundi wa pili mchoro uleule na vipimo vilevile mkapata bei halali. Hiyo ingewafunga mdomo na wale wawili wa kwenye grupu. Ubaya wake ni kwamba akishuka chini ya mzee wako kwa vipimo vilevile, kamati itakuwa na haki ya kwenda kwake, na wewe utalazimika kulibeba hilo ukipita pale asubuhi. Pima kama uko tayari kabla hujalipendekeza.

Ile ya kutaja bei ya chini nayo wengine huiogopa, wanaona umejivua silaha. Kwa uzoefu wangu fundi aliyeulizwa hivyo hutaja namba anayoweza kuisimamia. Lakini si wote, na wewe unamjua huyu kuliko mimi.

Uzito wa dawati la mfano usiuache. Dawati la geji 18 litakuwa jepesi kwa karibu kilo mbili na nusu kuliko la geji 16 la mchoro huohuo, na rangi haiwezi kuficha hilo. Katika kila 60, chagueni matano mkayaweke kwenye mizani. Mbao huleta tofauti kidogo, ila si ya kilo mbili na nusu kwenye yote matano. Na katika malipo ya mwisho zuieni asilimia kumi ya ufundi kwa mwezi mmoja wa matumizi, kama atakubali. Ufundi wa 14,000 mara 240 ni 3,360,000, na asilimia kumi yake ni 336,000, si hela ya kumuumiza, ila inatosha kumrudisha na mashine yake kiungo kikiachia.

Kuhusu jeneza. Mwanangu, hilo deni ni lako, si la umoja, na nadhani unalijua ndiyo maana karatasi imekaa tupu siku nne. Lakini sioni kwa nini uliweke sirini. Waambie kamati kwa mdomo wako, kabla barua haijatoka: huyu mzee alinifaa kwenye msiba. Kisha omba mambo mawili, barua isainiwe na wewe pamoja na mhazini, na wapimaji wa bomba na madawati wawe wengine, ikiwezekana wale wawili wanaouliza maswali. Wanaweza kukwambia ujitoe kabisa kwenye mazungumzo. Itauma, ila itakuwa imekupunguzia kitu pia. Au watasema endelea, tunakuamini. Ukiwa umetangulia kusema, lile neno la kuwekewa chake litapata tabu kutembea.

Kuhusu ninyi kununua wenyewe na kukabidhi shule vifaa, hilo mmelifanya vyema. Fedha zingepitia akaunti ya shule mngekuwa ndani ya taratibu za ununuzi wa umma na mfumo wa NeST, na barua hii isingekuwa yako kuandika. Ila mwalimu mkuu apewe nakala, maana ndiye atakayesaini kupokea.

Barua usiitume kwa WhatsApp. Ichape, ipeleke kwa mkono, jioni karakana ikishapoa. Mwamkie kama kila siku, akae aisome mbele yako, na akitoa penseli sikioni akaanza kuandika namba nyuma ya bahasha, usimkatishe.

*Bi Mshauri*